Msimamizi kafuta ensaiklopidia zote kwenye marejeo yangu ya kazi ya fuvu la Mkwawa. Kosa liko wapi?

Mwana wa Isyesye (ameanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko Mbeya, nasoma ualimu wa historia, mwaka wa mwisho. Kazi yangu inahusu fuvu la Mtwa Mkwawa, kuanzia alipojiua Mlambalasi Julai 1898 mpaka fuvu lilipoletwa Kalenga Juni 1954. Jana nimerudishiwa rasimu. Ndani hakugusa sana, lakini kwenye orodha ya marejeo kapiga mistari myekundu maingizo saba kati ya kumi na moja. Yote saba ni Wikipedia, ensaiklopidia moja kubwa ya Kiingereza ambayo nimeirudia mara tatu kwa mada tofauti, na kamusi elezo nyingine za mtandaoni. Pembeni kaandika maneno machache tu: "Hivi ni vyanzo vya tatu. Vya msingi viko wapi? Vya pili viko wapi?"

Kinachoniuma ni kwamba sikuokota habari kijiweni. Nimelinganisha kamusi tatu, zote zinasema kitu kimoja. Sasa kama tatu zinakubaliana, kosa liko wapi? Nabandika hapa aya mojawapo aliyoichora mstari, mniambie wenyewe:

"Katika ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, Ujerumani iliagizwa kuwarudishia Wahehe fuvu la Mkwawa lililokuwa katika makumbusho ya Bremen, ndani ya miezi sita tangu mkataba kusainiwa. Ujerumani haikutekeleza agizo hilo mpaka mwaka 1954, fuvu la Mkwawa lilipotambuliwa na Gavana Twining na kurudishwa Kalenga."

Nina wiki mbili.

Baba Tumaini

Kijana, msingi ukiwa mbovu sekondari utateseka tu, hilo liko wazi. Huku kwetu Tukuyu darasa moja la msingi lina watoto mpaka wanakaa dirishani, halafu tunashangaa wakifika kidato cha pili hawajui kusoma. Mwambie huyo msimamizi wako aandike habari za walimu kwanza.

Mwana wa Isyesye

Mzee wangu shikamoo. Si shule ya msingi, ni vyanzo vya msingi. Vya utafiti.

Baba Tumaini

Marahaba. Nilisoma kichwa nikashuka moja kwa moja. Endeleeni, nipo hapa nasoma.

Mtaalamu wa Forest

Mdogo wangu usihangaike, hilo jambo dogo. Chanzo cha msingi ni kile cha zamani, chanzo cha pili ni vitabu vya siku hizi, cha tatu ni mambo ya mtandaoni. Wahadhiri hawapendi mtandao, basi. Fanya hivi: fungua ukurasa wa Wikipedia, shuka chini kabisa kwenye tanbihi, utakuta vitabu vimeorodheshwa na kurasa zake. Chukua vile vitabu, weka kwenye orodha yako, futa jina la Wikipedia. Mimi nilifanya hivyo nikapita vizuri tu.

Mtunza Rafu

Kamweneee. Nimefanya kazi ya maktaba hapa Iringa miaka mingi kidogo, na hii mada ya fuvu imenipitia mikononi mara nyingi kwa sababu kila mwaka kuna mwanafunzi anaileta. Nitaanza na aya yako, maana ndiyo itakayokuonyesha alichokuwa anakitafuta msimamizi.

Ibara ya 246 si siri. Mkataba mzima uko kwenye tovuti ya Avalon Project ya chuo cha sheria cha Yale, na ibara yenyewe ni fupi, unaisoma kwa dakika moja. Nimeifungua sasa hivi, nimeweka aya yako pembeni. Ibara inaanza na jambo lingine kabisa: Ujerumani iirudishe Kurani ya Khalifa Othman kwa Mfalme wa Hijazi. Halafu ndipo inasema kwamba ndani ya muda huohuo Ujerumani itaikabidhi Serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, lililoondolewa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani na kupelekwa Ujerumani. Kinachobaki baada ya hapo ni mahali na masharti ya makabidhiano tu.

Sasa angalia. Wewe umeandika kwamba Ujerumani iliagizwa kuwarudishia Wahehe. Mkataba hauwataji Wahehe popote katika ibara hiyo. Anayepokea ni serikali ya Uingereza. Katika kazi yako hiyo ndiyo tofauti nzito kuliko zote, maana swali lako ni nani alilitaka fuvu na kwa faida ya nani, na jibu lipo palepale kwenye maneno ya mkataba: Mwingereza alikuwa anajikabidhi mwenyewe.

Pili, umeandika makumbusho ya Bremen. Mkataba hautaji Bremen wala jengo lolote. Unasema tu "kupelekwa Ujerumani". Bremen inaingia katika habari hii baadaye sana, Twining alipokwenda kutafuta mwaka 1953. Umechukua jambo la 1953 ukalipachika 1919.

Tatu, miezi sita. Wewe umehesabu tangu kusainiwa. Mkataba ulisainiwa 28 Juni 1919, kwa hiyo kwa hesabu yako mwisho ni Desemba 1919. Lakini maneno ya ibara ni "tangu mkataba kuanza kutumika", nao ulianza kutumika 10 Januari 1920. Mwisho halisi ni 10 Julai 1920. Ukiandika kwamba kufikia Januari 1920 Ujerumani ilishakiuka agizo, unaituhumu kabla siku yake haijafika.

Makosa matatu katika sentensi moja, na hakuna hata moja ambalo ungeligundua kwa kusoma kamusi elezo ya nne au ya tano. Sijui kama yalianzia kwenye kamusi au kwako wakati wa kufupisha. Kwa vyovyote ulichotuletea ni ufupisho wa ufupisho, na kila anayefupisha huacha kitu.

Mwana wa Isyesye

Dah. Mkuu nimekaa kimya robo saa. Nimerudi kwenye zile kamusi nikaangalia. Moja imeandika tu kwamba mkataba ulitaka fuvu lirudishwe, haikusema kwa nani. "Kwa Wahehe" nimeongeza mwenyewe, niliona ndiyo maana yake. Miezi sita tangu kusainiwa pia ni yangu. Bremen sikumbuki nimeitoa wapi.

Lakini bado swali langu la kwanza. Zote tatu zinakubaliana kwenye mambo makubwa. Kukubaliana si ushahidi?

Mtunza Rafu

Redio tatu zikitangaza matokeo ya mechi ileile kwa kumnukuu mwandishi mmoja aliyekuwa uwanjani, una mashahidi wangapi? Mmoja. Ensaiklopidia za jumla haziendi uwanjani. Mwandishi wake hakai Nyaraka za Taifa kule Dar akipekua majalada ya Wajerumani, wala haendi Mlambalasi. Kazi yake ni kukusanya yaliyokwisha kuandikwa na watafiti na kuyabana yaingie katika aya nne. Wikipedia yenyewe imejiwekea sharti hilo: hairuhusu utafiti mpya, na inawaambia wasomaji wake wasiitumie kama marejeo ya mwisho katika kazi za chuo. Zikikubaliana, mara nyingi ni kwa sababu zimekunywa kisima kimoja, au mojawapo imekunywa kwa mwenzake.

Na kwako kisima hicho ni rahisi kukijua. Alison Redmayne aliandika makala kuhusu Mkwawa na vita vya Wahehe mwaka 1968, katika jarida la kitaaluma la historia ya Afrika. Wengi walioandika habari za Mkwawa kwa Kiingereza baada ya hapo wamempitia yeye. Hicho ndicho chanzo cha pili: mtu aliyepekua nyaraka, akasikiliza wazee wa Uhehe, kisha akajenga hoja yenye jina lake, ambayo wewe unaweza kuipinga. Ensaiklopidia huwezi kuipinga vizuri, maana haikuonyeshi imefikaje pale.

Sasa ndugu yangu Mtaalamu wa Forest. Kushuka kwenye tanbihi umesema sawa, huo ndio mlango. Ila baada ya kufungua mlango sharti uingie. Kunakili majina ya vitabu ambavyo hujavishika ni kumwambia msomaji kwamba umevisoma. Na hukamatwa kirahisi. Kwenye mada hii vyanzo vingi ni vya Kijerumani. Mwanafunzi mmoja alileta kazi yenye vitabu vinne vya Kijerumani, na namba za kurasa. Msimamizi hakumuuliza lolote la historia. Alimuuliza, "Kijerumani ulijifunza wapi?"

Mtaalamu wa Forest

Haya, hapo umenipata. Changu kilikuwa kimoja tu, na hakuniuliza. Lakini kwamba cha zamani ndicho cha msingi nasimamia palepale.

Mtunza Rafu

Tuifanyie majaribio kwa kitu cha zamani basi. Mke wa Tom von Prince, mmoja wa maofisa wa Kijerumani walioshambulia Kalenga Oktoba 1894, aliitwa Magdalene. Aliishi na mumewe Iringa, na mwaka 1903 alichapisha kitabu kutokana na shajara yake. Kwa kipimo chako hicho ni cha msingi moja kwa moja, kina zaidi ya miaka mia.

Lakini Magdalene hakuwa Mlambalasi siku Mkwawa alipojiua. Alikuwa Iringa kituoni. Anapoeleza maisha ya kituo, hali ya askari, alichokiona kwa macho yake pale, ni shahidi. Anapoeleza kilichotokea porini, anasimulia alichosikia kwa wengine. Kitabu kimoja, mwandishi mmoja, pengine ukurasa mmoja, na hadhi inabadilika kutokana na unachokiuliza. Aliyefika ilipokuwa maiti ni Sajini Merkl, kwa hiyo kwa swali la pale Mlambalasi taarifa ya Merkl ndiyo iliyo karibu zaidi. Hata hiyo ni ya mtu mwenye sababu ya kujipamba, maana kichwa kilikuwa na zawadi.

Umri wa karatasi haukuambii kitu. Uliza aliyeandika alikuwa wapi.

Binti Uyole

Samahani naingilia, yangu si ya historia. Mimi nafanya utafiti wa viazi mviringo, nimepita na dodoso kwa wakulima 60 huku Mbeya vijijini na Umalila. Kwa hiyo mimi niko salama, sivyo? Data nimekusanya mwenyewe, ni ya msingi, hakuna wa kunifuta. Sura ya kwanza tu ndiyo nimeweka ensaiklopidia kwamba viazi asili yake ni milima ya Andes.

Mtunza Rafu

Dada, dodoso ni la msingi, ndiyo. Ila niambie, wakulima walikutajia mavuno kwa kipimo gani?

Binti Uyole

Magunia.

Mtunza Rafu

Ya kawaida au lumbesa?

Binti Uyole

Jamani.

Sikuuliza. Wengine walisema "gunia" tu nikaandika gunia, na nikabadilisha yote kwa kilo 100.

Mwalimu wa Njombe

Hahaha pole dada, sisi wa Njombe tunalijua hilo. Lumbesa yenye kilemba imepita kilo 100 hiyo, na kila mnunuzi na kilemba chake. Rudi uwapigie simu angalau wachache, kabla msimamizi hajauliza.

Na kuhusu Andes, mimi ningefuta kabisa hiyo rejea. Jambo ambalo halina anayebishana nalo halihitaji kuegemezwa popote. Watu wanarundika ensaiklopidia kwenye orodha kwa ajili ya mambo ambayo hakuna mtu angewauliza. Mlima Rungwe uko Mbeya, rejea ensaiklopidia! Orodha inanenepa bila nguvu.

Mtunza Rafu

Hapo Mwalimu amesema kweli, na kwa kijana wetu ni vilevile. Tarehe ya Versailles haihitaji ensaiklopidia nyuma yake. Maneno ya ibara yanahitaji ibara yenyewe.

Na lumbesa ya dada inaonyesha kwamba "cha msingi" hakimaanishi "cha kweli". Kinamaanisha hakuna mtu mwingine aliyesimama katikati. Uongo wa mkono wa kwanza upo pia, na makosa yapo.

Mwana wa Isyesye

Sawa, nimeanza kuelewa sehemu ya mkataba. Sentensi yangu ya pili je? "Fuvu la Mkwawa lilipotambuliwa na Gavana Twining na kurudishwa." Hiyo nayo ina shida? Maana hiyo kila mtu anaijua, mpaka watoto wa shule wanapelekwa Kalenga kuliona.

Mtunza Rafu

Hiyo ina shida kubwa kuliko ya kwanza, nami nilikuwa nasubiri uulize.

Kwamba 19 Juni 1954 Twining alikabidhi fuvu Kalenga, mbele ya Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, hakuna mgogoro. Neno gumu ni "lilipotambuliwa". Lilitambuliwaje?

Bremen kulikuwa na mafuvu kwa mamia, mengine yametoka huku. Hakukuwa na lebo ya jina iliyomaliza ubishi. Kilichotumika ni kipimo cha kichwa: unachukua upana wa fuvu, unagawa kwa urefu wake kutoka paji la uso mpaka kisogoni, unazidisha kwa mia. Yakatafutwa mafuvu ambayo kipimo chake kinafanana na cha ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na lililochaguliwa lilikuwa na 71.

Chukua kalamu. Fuvu lenye upana wa sentimita 13 na urefu wa 18.3 linatoa 71. Fuvu lingine kubwa zaidi, upana 13.5 na urefu 19, nalo linatoa 71. Vichwa viwili tofauti, ukubwa tofauti, jibu moja. Kipimo hiki kinaweza kukuambia kwamba fuvu fulani haliendani na familia. Kukuambia kwamba ni la mtu huyu na si la jirani yake, hakiwezi. Watu wengi sana wana kichwa cha 71.

Sasa soma tena sentensi yako: "fuvu la Mkwawa lilipotambuliwa". Umemaliza ubishi ambao wanahistoria hawajaumaliza, kwa sababu ensaiklopidia ilikuwa na mistari miwili tu ya kulieleza jambo hili na ikachagua mstari mfupi. Andika hivi: "fuvu ambalo Twining alilichagua Bremen kwa kulinganisha vipimo, likakabidhiwa Kalenga kuwa ndilo la Mkwawa." Ni ndefu, haivutii, lakini kila neno lina mahali pa kusimama. Na ukishaiandika hivyo utajikuta unatafuta barua na taarifa za serikali ya kikoloni za 1953 na 1954, kwa sababu msomaji atauliza nani alipima, akaandika nini, na Twining alikuwa na haraka gani. Hapo ndipo kazi yako inapoanza kuwa yako.

Baba Tumaini

Mimi nimefika Kalenga mara mbili na nimeliona kwenye kioo. Leo ndiyo nasikia habari ya kugawa upana kwa urefu.

Mjukuu wa Kalenga

Kamwene wote. Nimesoma toka juu. Mtunza Rafu naheshimu elimu yako, lakini nina neno. Mamkubwa wangu yupo hai, alikuwa msichana mwaka ule wa 1954 na alikuwepo siku fuvu linaletwa. Anaeleza mpaka nguo alizovaa, umati, magari, watu walivyolia. Hajasoma ensaiklopidia yoyote. Anasema ni lenyewe. Mtu aliyekuwepo unamweka wapi?

Mtunza Rafu

Ndugu yangu, mamkubwa ni chanzo cha msingi, na ni adimu. Kijana akimwacha atakuwa amefanya dhambi kuliko ya ensaiklopidia. Kwa swali la siku ile ilikuwaje, watu walipokeaje, walilia kwa nini, sidhani kama kuna karatasi itakayomshinda. Taarifa za serikali zitaeleza hotuba na magwaride.

Ila ni kama yule Magdalene. Alikuwepo Kalenga, hakuwepo Bremen. Anaposema "ni lenyewe" anatuambia kitu muhimu sana, kwamba watu wa Kalenga walilipokea kama lenyewe. Hatuambii lilichaguliwaje. Maneno yaleyale, maswali mawili, kwa moja ni ushahidi na kwa lingine siyo.

Mjukuu wa Kalenga

Nimekuelewa, ingawa yeye hatakuelewa. Na habari za Lugalo je? Babu yake alisimulia vita ya 1891, Nyundo alivyouawa. Hizo tumepokezana nyumbani mpaka leo. Je, nazo?

Mtunza Rafu

Nyundo ndiye Zelewski, kamanda wa Wajerumani, kwa vijana wanaosoma. Kwa Lugalo mimi naona masimulizi ya ukoo ni ya msingi. Upande wa Wajerumani tuna taarifa ya Luteni Tettenborn aliyenusurika, naye alikuwa nyuma ya msafara. Askari wao waliokufa waliweza kuwahesabu. Wahehe waliokufa hakuna aliyewahesabu kwa karatasi, kwa hiyo tarakimu unazoziona ni makisio. Ukikataa masimulizi umebaki na sikio moja.

Mwalimu wa Njombe

Hapa natofautiana nawe, mkuu. Aliyekuwa Lugalo akisimulia ni shahidi. Mjukuu wa mjukuu akisimulia leo, habari imepita vinywa vitatu au vinne, na katikati kumekuwa na shule, redio, vitabu, sherehe za kumbukumbu. Nimewahi kumrekodi mzee mmoja akanisimulia Lugalo vizuri mno, baadaye nikagundua sentensi kadhaa ni za kitabu cha darasani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi! Kwa hiyo nilikuwa narekodi kitabu kwa sauti ya mzee. Mimi masimulizi ya namna hiyo nayaweka kama chanzo cha msingi cha jinsi Wahehe wa leo wanavyoikumbuka vita. Vita yenyewe, hapana.

Mtunza Rafu

Hiyo ya kitabu kwa sauti ya mzee nimeipenda. Lakini hata Tettenborn aliandika akijua bosi wake atasoma. Sikubali kwamba karatasi iliyochafuka ni ya msingi na mdomo uliochafuka si wa msingi. Ninachodai ni kumwandika msimulizi: ni nani, alisikia kwa nani, lini, kama amesoma. Halafu msomaji apime.

Mwalimu wa Njombe

Tutabaki hapo. Kijana, muulize msimamizi wako yuko upande gani, maana idara kwa idara wanatofautiana.

Mtaalamu wa Forest

Swali langu la mwisho, halafu nalala. Kwa hiyo ensaiklopidia haiwekwi kabisa? Hata siku moja?

Mtunza Rafu

Huwekwa. Iko ya Wajerumani ya mambo ya makoloni, juzuu tatu, ilitoka 1920, mhariri wake Heinrich Schnee. Schnee huyo alikuwa gavana wa mwisho wa Kijerumani hapa kwetu. Kijana akiandika sura ya jinsi watawala wa Kijerumani walivyomchora Mhehe, kile kitabu ni chanzo cha msingi kabisa, na lazima kikae kwenye orodha. Haangalii kama walichoandika kuhusu Wahehe ni kweli. Anaangalia kwamba wao ndio walioandika, na mwaka gani: Ujerumani imeshanyang'anywa makoloni, na gavana wa zamani bado anachapisha kamusi ya makoloni. Angekitumia kitabu hichohicho kuthibitisha idadi ya Wahehe, angerudi kwenye wino mwekundu.

Kuna pia ensaiklopidia za fani moja, makala ndefu yenye jina la mtaalamu na marejeo yake. Hizo wasimamizi wengine wanazikubali, wengine hawataki kuziona. Mimi nazikubali kwa shingo upande.

Mwana wa Isyesye

Wakuu, nimefanya kazi usiku mzima. Mkataba nimeuingiza wenyewe, ibara ya 246, na tarehe nimerekebisha. Makala ya Redmayne nimeipata, nasoma ukurasa wa sita, Kiingereza chake kinapanda mlima. Ensaiklopidia zote saba nimezitoa, mbili tu nimeziacha kwenye daftari langu kwa ajili ya tahajia za majina ya Kijerumani. Kitabu cha Magdalene sijakiona kwa macho. Anatajwa mahali na mwandishi mwingine, nami nayataka maneno yake. Nifanyeje bila kuulizwa Kijerumani?

Mtunza Rafu

Andika jina lake ndani ya maandishi, kisha "kama anavyonukuliwa na" fulani, na kwenye orodha umweke huyo fulani uliyemsoma. Haikushushii hadhi. Msimamizi ataona unajua ulichoshika na usichoshika.

Binti Uyole

Nimepiga simu kwa wakulima 14 mpaka sasa. Tisa ni lumbesa. Naomba mniombee.

Mjukuu wa Kalenga

Mwana wa Isyesye, nimeongea na mamkubwa. Anasema uje Jumamosi, asubuhi, kabla jua halijawa kali, na usije na maswali ya kugawa upana kwa urefu. Basi la Mbeya likikushusha Iringa, panda za kwenda Kalenga, nitakupokea stendi. Njoo na sukari.

Mwana wa Isyesye

Nakuja mkuu. Kilo mbili zinatosha? Na nitamwuliza kwanza kama amewahi kusoma kitabu chochote cha habari hizo, kabla sijawasha kinasa sauti.

Mwalimu wa Njombe

Muulize na redio. Mwaka 1954 redio ilishakuwepo.